Barua ya Mapendekezo: Namna Msimamizi wa Zamani Anavyoweza Kushuhudia Kazi Yako kwa Kufuata Masharti ya Kazi Unayoomba

Na Mwandishi Wetu

KILA tangazo la nafasi za kazi linapotolewa, waombaji wengi huanza kwa kukusanya vyeti, kuandika barua ya maombi na kupanga wasifu binafsi. Jambo linalobaki mwisho, mara nyingi siku mbili au tatu kabla ya dirisha la maombi kufungwa, ni kumtafuta msimamizi wa zamani ili aandike barua ya mapendekezo. Msimamizi huyo, akiwa na shughuli zake, hufungua faili la zamani, hubadilisha jina na tarehe, kisha hutia saini barua inayosema kwamba mhusika ni mwaminifu, mchapakazi, mwenye nidhamu na anayeshirikiana vizuri na wenzake.

Barua ya namna hiyo haina uongo ndani yake, lakini pia haina habari. Ingeweza kuandikwa kwa ajili ya dereva, mhasibu, muuguzi au mlinzi bila kubadilisha neno hata moja. Mjumbe wa jopo la usaili anayesoma barua kadhaa za aina hiyo kwa siku moja hana namna ya kuzitofautisha, na mwombaji aliyefanya kazi nzuri kwa miaka mingi hupoteza shahidi wake muhimu kuliko wote.

Makala haya yanaeleza namna barua ya mapendekezo inavyoandaliwa kwa kufuata masharti ya kazi inayoombwa, bila kuongeza jambo ambalo halikutokea. Maelezo yametolewa kwa kutumia mfano wa mtunza bohari ya dawa, lakini utaratibu wenyewe unaweza kufuatwa na mtumishi wa kada yoyote.

Nyaraka tatu zisizopaswa kuchanganywa

Kabla ya kumwendea msimamizi, mwombaji anapaswa kujua ni waraka upi hasa unaohitajika, kwa kuwa wananchi wengi huchanganya nyaraka tatu zinazohusiana na utumishi wa zamani.

Ya kwanza ni cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 44, inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Cheti hiki ni haki ya mfanyakazi na si hisani ya mwajiri. Hata hivyo, kinathibitisha kwamba ulifanya kazi, wala si kazi yake kueleza uliifanya vipi.

Ya pili ni orodha ya wadhamini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji kutaja wadhamini watatu wanaoaminika pamoja na mawasiliano yao. Hapa haiombwi barua, bali majina ya watu watakaoweza kuulizwa.

Ya tatu ndiyo barua ya mapendekezo, ambayo hutolewa na mtu aliyekusimamia na kueleza kwa maneno yake mwenyewe kile alichokiona ukikifanya. Barua hii hudaiwa zaidi na mashirika binafsi, taasisi za kidini, miradi na vyuo. Kifungu tulichokitaja kinazungumzia cheti cha utumishi, si barua hii. Kwa hiyo msimamizi anayekubali kuiandika anafanya hivyo kwa hiari yake, na anastahili kuombwa kwa heshima na kupewa muda wa kutosha.

Ikumbukwe pia kwamba barua ya mapendekezo haichukui nafasi ya cheti cha taaluma. Ikiwa tangazo linataka stashahada au usajili wa bodi ya kitaaluma, hakuna sifa za msimamizi zitakazofidia upungufu huo.

Kulisoma tangazo kwa jicho la shahidi

Hatua ya kwanza ya kuandaa barua inayolingana na kazi ni kulisoma tangazo upya na kujiuliza swali moja kwa kila sharti: ni nani anayeweza kulithibitisha jambo hili? Majibu huangukia katika mafungu matatu. Yapo masharti yanayothibitishwa na vyeti, yapo yale ambayo msimamizi aliyashuhudia kwa macho yake, na yapo yale ambayo msimamizi hakuyaona kabisa.

Tuchukue mfano wa mtunza bohari aliyefanya kazi katika hospitali moja binafsi kuanzia Machi 2019 hadi Juni 2023. Kuanzia Januari 2020 alikuwa chini ya mfamasia msimamizi wa hospitali hiyo. Sasa anaomba kazi katika mradi wa afya unaotunza na kusambaza dawa kwenye vituo vya mkoa. Tangazo lina masharti sita: stashahada ya ununuzi na ugavi pamoja na usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, uzoefu usiopungua miaka mitatu katika bohari ya dawa na vifaa tiba, uwezo wa kutunza kumbukumbu sahihi za mali, uwezo wa kuzuia dawa kuisha muda zikiwa bohari, uwezo wa kusimamia wasaidizi wawili, na uzoefu wa kutumia mfumo wa kielektroniki wa kutunza taarifa za bohari.

Sharti la kwanza halimhusu mfamasia. Stashahada na usajili vina vyeti vyake, na msimamizi akitumia aya nzima kuyaeleza hayo atakuwa amepoteza nafasi. Sharti la pili linamhusu kwa sehemu: anaweza kuthibitisha miaka mitatu na nusu aliyomsimamia mhusika, wala si muda wote wa utumishi. Sharti la tatu na la nne ndiyo kiini cha ushahidi wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesaini taarifa za kuhesabu mali kila robo mwaka. Sharti la tano lina utata, kwa sababu bohari ile haikuwa na wasaidizi wa kudumu. Sharti la sita hakulishuhudia, kwani hospitali ilitumia leja za karatasi na majedwali ya kawaida ya kompyuta.

Mgawanyo huu pekee unatosha kumwonesha msimamizi wapi aandike kwa kirefu, wapi apite kwa sentensi moja na wapi awe mwangalifu.

Kumwendea msimamizi

Msimamizi wa zamani hakumbuki kila kitu. Ameshasimamia watu wengine tangu ulipoondoka, na takwimu za bohari ya mwaka 2020 hazimo kichwani mwake. Kwa hiyo mwombaji anapaswa kumpelekea nakala ya tangazo, barua yake ya maombi, wasifu binafsi, tarehe kamili za utumishi na ukurasa mmoja wa kumbukumbu za matukio. Ikiwezekana apewe wiki mbili, na asipewe chini ya wiki moja.

Ujumbe wa kwanza hauhitaji maneno mengi. Mtunza bohari wetu angeweza kuandika hivi: "Shikamoo Mama. Natumaini u mzima na kazi zinaendelea vizuri. Naomba kazi ya mtunza bohari katika mradi wa dawa, na mwisho wa maombi ni tarehe 28. Naomba kama utaridhia uniandikie barua ya mapendekezo kuhusu kipindi ulichonisimamia. Nimeambatisha tangazo na kumbukumbu fupi. Kama kuna jambo huoni vyema kulithibitisha, nitashukuru ukiniambia mapema."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Inampa msimamizi nafasi ya kukataa bila kuoneana haya. Msimamizi asiyeridhika na utendaji wako lakini akashindwa kukwambia ataandika barua baridi, na barua baridi humdhuru mwombaji kuliko kukosekana kwa barua. Ni heri kukataliwa mapema na kumtafuta shahidi mwingine.

Ukurasa wa kumbukumbu nao uandikwe kama kumbukumbu, usiwe barua iliyokamilika. Ipo tabia ya msimamizi kusema, "Andika mwenyewe nitasaini." Anayesema hivyo huona anarahisisha kazi, lakini matokeo yake ni barua inayofanana kwa maneno na barua ya maombi ya mhusika. Msomaji makini hutambua mara moja kwamba nyaraka mbili zimetoka katika mkono mmoja. Tena, jopo likimpigia simu msimamizi na kumuuliza habari ya aya ya tatu, huenda asijue kilichoandikwa humo. Njia nzuri ni mwombaji kutoa matukio, tarehe na idadi. Msimamizi avilinganishe na kumbukumbu zake, kisha aandike mwenyewe.

Barua mbili za mtu mmoja

Hii ndiyo barua ambayo mtunza bohari wetu angepata kama angemwendea msimamizi siku ya mwisho:

"Napenda kumtambulisha kwako Bw. ………… ambaye alikuwa mtumishi wetu kwa zaidi ya miaka minne. Katika kipindi chote hicho alikuwa mwaminifu, mwenye bidii na nidhamu ya hali ya juu. Ana uwezo mkubwa wa kutunza bohari na anashirikiana vizuri na wenzake. Ninampendekeza bila shaka yoyote kwa nafasi anayoomba na ninaamini hatawaangusha."

Na hii ndiyo barua ambayo mfamasia yule yule angeandika baada ya kulisoma tangazo na kupitia taarifa zake za robo mwaka:

"YAH: BW. ………… – MAOMBI YA KAZI YA MTUNZA BOHARI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nilikuwa mfamasia msimamizi wa hospitali aliyofanyia kazi Bw. ………… na nilimsimamia moja kwa moja kuanzia Januari 2020 hadi alipoacha kazi kwa hiari yake Juni 2023. Alianza kazi hospitalini Machi 2019, kabla sijahamia kitengo hicho. Kwa hiyo maelezo yangu yanahusu kipindi cha miaka mitatu na nusu nilichokishuhudia.

Bohari aliyoitunza ilikuwa na takriban aina 340 za dawa na vifaa tiba. Kila robo mwaka tulihesabu mali nikiwepo mimi na mjumbe kutoka ofisi ya uhasibu. Katika hesabu ya Machi 2020 tulikuta aina 23 zilizokwisha muda. Baada ya hapo Bw. ………… alipanga upya rafu ili kinachokaribia kuisha muda kikae mbele na kutoka kwanza, na akawa ananiletea kila mwezi orodha ya dawa zilizobakiza chini ya miezi sita ili nizigawe wodini au tubadilishane na vituo jirani. Katika hesabu ya Machi 2023 aina zilizokwisha muda zilikuwa nne.

Mwezi Septemba 2021 hesabu ilionesha upungufu wa maboksi 12 ya glovu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeubaini na kunipa taarifa siku hiyo hiyo. Tulipofuatilia tuligundua kwamba yalitolewa usiku kwa dharura ya wodi ya wazazi bila hati ya kutolea mali. Alipendekeza kuwepo daftari la ufunguo wa usiku, ambapo kila anayefungua bohari nje ya saa za kazi huandika alichochukua, naye hulinganisha na leja asubuhi. Utaratibu huo ulianza Oktoba 2021, na katika hesabu zote sita zilizofuata hadi Machi 2023 leja na rafu zililingana.

Hospitali yetu haikuwa na wasaidizi wa kudumu wa bohari. Hata hivyo, Bw. ………… aliwaongoza wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa kawaida wawili kwa wakati mmoja, akiwapangia zamu na kukagua kadi za mali walizojaza.

Tulitumia leja za karatasi na majedwali ya kompyuta, ambayo aliyajaza mwenyewe na kunitolea taarifa za kila mwezi. Sikupata nafasi ya kumwona akitumia mfumo wa kielektroniki wa aina mliyoitaja katika tangazo, hivyo siwezi kulisemea hilo.

Kwa kuzingatia niliyoyaeleza, ninampendekeza kwa kazi ya kutunza bohari ya dawa, na ningekuwa tayari kufanya naye kazi tena. Ninapatikana kwa namba ya simu iliyo hapa chini kwa maelezo zaidi."

Kilichobadilika ni nini

Ukizilinganisha barua hizi mbili utaona kwamba ya pili haina sifa za kumpamba mhusika. Neno "mwaminifu" halimo, na neno "mchapakazi" halimo. Badala yake msomaji amepewa tukio la glovu, na uaminifu anaukuta humo mwenyewe. Mtu aliyeona upungufu katika bohari aliyoshika ufunguo wake, akautolea taarifa siku ile ile, hahitaji kuitwa mwaminifu.

Pia utaona kwamba barua haikufuata historia ya utumishi tangu mwanzo hadi mwisho. Imefuata masharti ya tangazo. Kuna mambo mengi mazuri ambayo mfamasia angeweza kuyataja: kwamba mhusika alikuwa katibu wa chama cha kuweka na kukopa, kwamba aliandaa sherehe za mwisho wa mwaka, kwamba hakuwahi kuchelewa kazini. Yote ni kweli, lakini hakuna hata moja lililoombwa na mwajiri mpya. Mtumishi huyo huyo angeomba kazi ya afisa mikopo katika taasisi ya fedha, habari ya chama cha kuweka na kukopa ingesogezwa mbele na habari ya rafu za dawa ingefupishwa. Hiyo ndiyo maana ya kuiandaa barua kwa kufuata kazi: mambo yaliyotokea ni yale yale, ila yanachaguliwa na kupangwa kulingana na swali lililoulizwa.

Idadi zilizotajwa ni chache, nazo zina mahali zilipotoka. Aina 23 na aina nne zimo katika taarifa za kuhesabu mali ambazo watu watatu walizitia saini. Idadi isiyo na chanzo, kama vile "aliongeza ufanisi kwa asilimia 80," ni heri isiandikwe. Mjumbe wa jopo akiuliza asilimia hiyo ilipimwaje, msimamizi atakosa jibu, na shaka hiyo itahamia kwa mwombaji.

Palipo na pengo

Sehemu ngumu kuliko zote ni sharti ambalo mwombaji hana, au analo lakini msimamizi hakulishuhudia. Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Kwa nia njema ya kumsaidia kijana wake, msimamizi huandika kwamba mhusika "ana uzoefu mkubwa wa mifumo ya kielektroniki," ilhali anajua kwamba hospitali haikuwa na mfumo huo.

Madhara yake hujitokeza mapema. Katika usaili, mwombaji huulizwa aeleze namna ya kuingiza mali mpya katika mfumo, naye hushindwa. Akipenya usaili, hukwama wiki ya kwanza kazini wakati wa kipindi cha majaribio. Katika hali zote mbili, barua nzima hupoteza thamani, pamoja na yale mambo ya kweli yaliyokuwamo.

Mfamasia wetu alifanya mambo mawili. Alitaja kitu cha kweli kilicho karibu zaidi na sharti, yaani majedwali ya kompyuta na taarifa za kila mwezi, kisha akasema wazi kwamba la mfumo hawezi kulisemea. Baadhi ya waombaji watahofu kwamba sentensi hiyo inawaharibia. Lakini mwajiri anayeisoma huona kwamba shahidi huyu anajua mipaka yake, na kwa sababu hiyo huamini zaidi yale aliyoyathibitisha. Ikiwa mwombaji alijifunza mfumo huo mahali pengine, atauthibitisha kwa cheti cha mafunzo au kwa mdhamini mwingine, si kupitia kinywa cha mtu ambaye hakuwapo.

Kuhusu sharti la kusimamia wasaidizi, utaratibu ni huo huo. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo si wasaidizi wa kudumu, na barua haikuwaita hivyo. Imesema walikuwa akina nani, wangapi, na mhusika aliwafanyia nini. Mwajiri ndiye atakayeamua kama uzoefu huo unatosha.

Palipo na kasoro

Huenda msomaji akajiuliza kama ilikuwa busara kutaja upungufu wa maboksi 12 ya glovu. Jibu linategemea mambo mawili. La kwanza ni uhusiano wa tukio na kazi inayoombwa. Kwa kazi ya bohari, swali la namna mtu anavyoshughulikia upungufu ni la msingi, kwa kuwa upungufu hutokea hata katika bohari iliyo na usimamizi mzuri. La pili ni ridhaa ya mhusika. Msimamizi anapokusudia kutaja tukio la namna hii, amweleze kwanza mwombaji na wakubaliane. Tukio lililomalizika vizuri likieleweka kutoka mwanzo hadi mwisho humjenga mhusika. Likitajwa nusu, humbomoa.

Kuna mambo ambayo hayastahili kuingia katika barua kabisa hata kama msimamizi anayajua: hali ya afya ya mtumishi, masuala ya ndoa na familia yake, dini yake au itikadi yake ya kisiasa. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti kuhusu namna taarifa za watu zinavyokusanywa na kutolewa kwa wengine.

Kwa upande mwingine, ikiwa mtumishi aliachishwa kazi kwa makosa ya kinidhamu, msimamizi asiandike kwamba aliacha kwa hiari. Anaweza kukataa kuandika barua, au anaweza kueleza ujuzi alioushuhudia bila kugusa sababu za kuondoka, lakini hana ruhusa ya kubadilisha kilichotokea.

Karatasi rasmi, muhuri na simu

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama barua iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi. Ikiwa msimamizi bado yuko kazini pale pale na utaratibu wa taasisi unamruhusu kuandika kwa niaba yake, anaweza kutumia karatasi hiyo na muhuri. Katika taasisi nyingi ruhusa hiyo hupitia idara ya rasilimali watu, hivyo ni vyema kuuliza kwanza. Ikiwa msimamizi amestaafu au amehamia kwingine, kama inavyotokea mara nyingi, aandike kwa jina lake mwenyewe, ataje cheo alichokuwa nacho wakati ule na aeleze kwamba kwa sasa hayupo katika taasisi hiyo. Kutumia nembo ya ofisi ambayo umeshaondoka ni kosa, na pia huishushia barua hadhi pindi mwajiri anapopiga simu ofisini na kuambiwa kwamba mwandishi hayupo tena.

Barua itajwe tarehe, itiwe saini, na iwe na namba ya simu inayopatikana. Ukurasa mmoja unatosha, na usizidi kurasa mbili. Mwandishi abaki na nakala yake pamoja na nakala ya tangazo, ili simu ikipigwa baada ya miezi miwili akumbuke aliyoyasema. Mwombaji naye ampe taarifa msimamizi anapoitwa kwenye usaili, kwa kuwa huo ndio wakati ambao simu hupigwa.

Mambo yanayozua shaka

Anayechambua maombi huanza na tarehe. Barua ikisema mhusika aliondoka Juni 2023 ilhali wasifu wake unasema Desemba 2023, maombi yote hutiliwa shaka, hata kama tofauti ilitokana na kusahau tu. Kwa hiyo tarehe katika cheti cha utumishi, wasifu binafsi na barua ya mapendekezo zilinganishwe kabla ya kutuma.

Dalili nyingine ni barua inayorudia maneno ya tangazo kama yalivyo. Kuandaa barua kwa kufuata masharti si kunakili masharti. Tangazo likisema "awe na uwezo wa kutunza kumbukumbu sahihi za mali," na barua ikasema "ana uwezo wa kutunza kumbukumbu sahihi za mali," hakuna kilichoongezeka. Sharti linajibiwa kwa tukio, si kwa mwangwi wa sharti lenyewe.

Aidha, barua moja isitumike kwa maombi matano. Barua iliyotaja bohari ya dawa ikipelekwa kwa mwajiri anayetafuta mtunza bohari ya vifaa vya ujenzi itaonekana wazi kwamba haikumlenga yeye. Mwombaji akihitaji barua nyingine, amrudie msimamizi na tangazo jipya. Kwa kuwa kumbukumbu tayari zipo, kazi ya mara ya pili huwa nyepesi.

Mwisho, wananchi wanakumbushwa kwamba kubadilisha neno au tarehe katika barua iliyokwisha kutiwa saini, au kutengeneza saini na muhuri wa mtu mwingine, ni kughushi, na kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Ukiona barua ina kosa, hata kama ni la herufi moja katika jina lako, irudishe kwa aliyeiandika ili airekebishe na kuitia saini upya kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi.